Kapu la zamani au kapu la sasa: bei zile zile, mfumuko tofauti

Tuchukue kaya moja inayonunua nafaka za aina mbili tu. Katika mwaka wa kizio, yaani mwaka tunaoanzia kupima, kila mwezi ilinunua kilo 20 za mchele kwa shilingi 2,000 kilo, na kilo 10 za sembe kwa shilingi 1,200. Jumla ilitumia shilingi 52,000. Mwaka huu mchele umefika 3,000 na sembe 1,320. Mchele umepanda kwa asilimia 50, sembe kwa asilimia 10 tu, na kaya imefanya ambalo wengi wetu tungefanya: imepunguza wali na kuongeza ugali. Sasa inanunua kilo 12 za mchele na kilo 20 za sembe.

Je, bei zimepanda kwa asilimia ngapi? Bei zenyewe hazina ubishi, zimeandikwa sokoni. Ubishi uko kwenye mizania: mchele uhesabiwe kwa uzito gani, na sembe kwa uzito gani?

Njia ya kwanza ni kushika kapu la mwaka wa kizio na kuuliza lingegharimu kiasi gani leo. Kilo 20 za mchele ni 60,000, kilo 10 za sembe ni 13,200, jumla 73,200. Ukigawa kwa 52,000 na kuzidisha kwa 100 unapata 140.8. Hii ndiyo fahirisi ya Laspeyres, iliyopewa jina la mwanauchumi Mjerumani aliyeipendekeza mwaka 1871.

Njia ya pili, ya Mjerumani mwenzake Paasche, ilikuja mwaka 1874. Hii hushika kapu la sasa. Kilo 12 za mchele na kilo 20 za sembe leo ni 36,000 na 26,400, jumla 62,400. Kapu hilohilo kwa bei za zamani lingegharimu 24,000 na 24,000, jumla 48,000. Gawanya, unapata 130.0.

```
Laspeyres = Σ(p1 × q0) / Σ(p0 × q0) × 100
Paasche   = Σ(p1 × q1) / Σ(p0 × q1) × 100
```

Hapo Σ ni jumla ya bidhaa zote, p ni bei, q ni kiasi kilichonunuliwa, 0 ni mwaka wa kizio na 1 ni mwaka wa sasa. Ndani ya fahirisi moja, kapu la juu ya mstari na la chini ya mstari ni lilelile. Kinachobadilika ni bei peke yake. Kosa la kawaida kwa wanafunzi ni kugawa 62,400 kwa 52,000, wakapata 120 na kuuita mfumuko wa asilimia 20. Hilo ni ongezeko la matumizi, si la bei. Limechanganya kupanda kwa bei na kubadilika kwa kapu, na haliwezi kukwambia kipi kimefanya nini.

Sasa, kati ya 40.8 na 30, ipi inadanganya? Zote mbili, kila moja kwa upande wake. Mpe mwenye kaya shilingi 73,200 kamili. Anaweza kununua kapu lake la zamani bila kupungukiwa hata punje. Lakini kwa bei za leo hatalinunua, kwa sababu akipunguza mchele na kuongeza sembe anaweza kuridhika vilevile kwa fedha pungufu. Kwa hiyo 73,200 ni zaidi ya anachohitaji ili aishi kama zamani. Laspeyres haioni kwamba watu hukimbia kilichopanda sana, ikaendelea kuupa mchele uzito ambao kaya imeshaacha kuupa. Ndiyo maana hukuza mfumuko.

Kwa Paasche kosa limekaa chini ya mstari. Zile 48,000 ni gharama ya kapu la leo kwa bei za zamani, ilhali enzi hizo mchele ulikuwa nafuu na hakuna aliyelazimika kula sembe kiasi hicho. Kwa kuchagua kapu lililofaa bei za wakati ule, kaya ingefikia maisha ya leo kwa chini ya 48,000. Kigawanyo kimekuwa kikubwa mno, na jibu likawa dogo mno. Paasche hupunguza mfumuko.

Kwa sababu hiyo mwanauchumi Mmarekani Irving Fisher alipendelea kuzidisha fahirisi hizo mbili na kuchukua kipeuo cha pili cha jibu. Kwa mfano wetu kinatoa 135.3.

Mfano huu umekuzwa makusudi ili pengo lionekane. Katika fahirisi yenye mamia ya bidhaa pengo huwa dogo. Tume ya Boskin, iliyochunguza fahirisi ya bei ya Marekani mwaka 1996, ilikadiria kwamba fahirisi ilikuza mfumuko kwa pointi 1.1 kwa mwaka, lakini kubadili bidhaa kulichangia kama pointi 0.4 tu. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na bidhaa mpya na mabadiliko ya ubora, mambo ambayo kuchagua mizania pekee hakuyatibu.

Kanuni hii, kwamba Laspeyres hukuza na Paasche hupunguza, nayo ina sharti ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kiasi kinachonunuliwa kipungue kwa kile kilichopanda zaidi. Sharti likigeuka, na majibu yanageuka. Miezi ya mwanzo ya Uviko mwaka 2020, Marekani, petroli ilishuka bei na watu hawakuendesha magari. Vyakula vya kupikia nyumbani vilipanda na watu wakavinunua zaidi. Mizania ya zamani ilikuwa bado inaipa petroli uzito mkubwa, nayo ikaivuta fahirisi chini. Hapo kapu la zamani lilipunguza mfumuko badala ya kuukuza.

Pamoja na kasoro zake, ofisi za takwimu hutumia fahirisi za aina ya Laspeyres kwa bei za walaji, kwa sababu ya kazi iliyopo nyuma ya herufi q. Bei hukusanywa kila mwezi. Kiasi hupatikana kwa utafiti mkubwa wa matumizi ya kaya, unaochukua mwaka mzima na kuchambuliwa baadaye. Paasche ya kila mwezi ingehitaji utafiti huo kila mwezi. Tanzania, kwa mfano, fahirisi yenye kizio cha 2020 inatumia mizania ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Kapu kwa hiyo ni kuukuu kuliko mwaka wa kizio wenyewe. Paasche utaikuta zaidi kwenye kipunguzi cha Pato la Taifa, yaani kipimo cha bei za vyote vinavyozalishwa nchini, ambako kiasi cha sasa tayari kimehesabiwa.

Ukijaribu hesabu hizi mwenyewe kwa asilimia za matumizi badala ya kilo, angalia mtego mmoja. Kwa Laspeyres, mchele ni asilimia 76.9 ya matumizi ya zamani na sembe 23.1, zidisha kwa 1.5 na 1.1, jumlisha, unarudi palepale kwenye 140.8. Lakini ukichukua asilimia za sasa, 57.7 na 42.3, ukazidisha vivyo hivyo, unapata 133.1, ambayo si Paasche. Kwa Paasche lazima kila asilimia igawanywe kwa uwiano wa bei, zijumlishwe, kisha ugeuze jibu: 0.577 ÷ 1.5 na 0.423 ÷ 1.1 hutoa jumla ya 0.769, na 1 ÷ 0.769 ni 1.30.