Makala inayoingia kwenye kabrasha la bodi

Kampuni ninayoiandikia inauza mifumo ya hesabu kwa vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani Saccos, na wateja wa aina hii hawanunui kwa haraka. Meneja huulizia bei, mhasibu na ofisa TEHAMA hupitia, bodi hujadili, kisha fedha hutengwa katika makisio ambayo hupitishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Asiyewahi makisio ya mwaka huu husubiri ya mwaka ujao. Katika muda wote huo ofisa wetu wa mauzo huonana na meneja mara tatu au nne, na wajumbe wengine pengine hawaoni kabisa. Wao hukutana nasi kupitia makala iliyotumwa kwenye kundi lao la WhatsApp, au iliyochapwa na kutiwa ndani ya kabrasha la kikao.

Jambo hili nililijua baada ya kuharibu. Makala yangu moja ya mwanzo ilimlenga meneja: ilieleza ripoti zinavyotoka upesi na maombi ya mikopo yanavyopokelewa kwa simu. Meneja aliipenda, akaipeleka kwenye bodi. Mhasibu akaisoma yote, kisha akauliza swali moja tu: masalio ya wanachama yatahamishwaje? Makala haikuwa na sentensi hata moja kuhusu hilo, meneja naye hakuwa na jibu, na ajenda ikaahirishwa hadi mkutano mkuu ukapita.

Siku hizi, kabla ya kuandika, humuuliza ofisa mauzo ajenda ilikwama wapi mara ya mwisho, na kwa nani. Kila makala huipa shaka moja, na huchagua shaka ya yule atakayetia sahihi na kulaumiwa mambo yakiharibika. Mara nyingi huyo ni mhasibu.

Makala ya masalio niliiandika upya kwa mfano wa chama chenye wanachama 1,200 kinachohama mwisho wa mwezi. Kabla ya kuhamisha chochote, jumla tatu za kadi za wanachama, yaani hisa, akiba na mikopo iliyobaki, hulinganishwa na leja kuu, kwa sababu zikiwa hazilingani tangu kwenye vitabu vya zamani, lawama itauangukia mfumo mpya. Baada ya kuhamisha, jumla hizo hupigwa tena. Hata zikilingana haitoshi, maana ziada ya mwanachama mmoja inaweza kufichwa na pungufu ya mwingine. Kwa hiyo hutolewa orodha ya mwanachama mmoja mmoja inayoonyesha kila tofauti. Kisha mifumo yote miwili huendeshwa sambamba kwa miezi miwili, na mhasibu hutia sahihi urari unapokubaliana.

Niliandika pia kwamba katika miezi hiyo miwili kila muamala utaingizwa mara mbili, na kwamba watumishi watachelewa kutoka kazini. Mkuu wa mauzo alitaka sentensi hiyo iondolewe. Nilikataa, kwa kuwa mhasibu yeyote analijua hilo, na tukimficha hataamini yaliyobaki.

Mwenyekiti huenda asisome zaidi ya aya ya kwanza, hivyo jibu lote, pamoja na muda unaohitajika, hukaa hapo, na meneja anaweza kuinakili aya hiyo ilivyo katika waraka wa bodi. Kabla ya kuiweka mtandaoni huichapa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya A4. Hapo ndipo huona kwamba mchoro wa rangi nyekundu na kijani umegeuka kijivu kitupu, na kwamba “bofya hapa” haina maana kwenye karatasi. Tarehe huiweka juu, kwa kuwa makala itasomwa miezi minane baadaye. Fomu ya kudai namba ya simu kabla ya kusoma nimeiondoa kabisa. Mjumbe aliyetumiwa kiungo na mwenzake akikutana nayo, hufunga.

Kupima ni kugumu kidogo. Wanaotoka WhatsApp mara nyingi huonekana kwenye Google Analytics kama `Direct`, kwa hiyo kiungo anachopewa kila meneja hukiongezea mkia wake:

```
?utm_source=meneja07&utm_medium=whatsapp
```

Akikituma kwa wengine, mkia huenda nacho. Kiungo cha mtu mmoja kikifunguliwa mara tisa ndani ya siku mbili, nahisi kinazunguka kwa wajumbe, ingawa siwezi kujua nani alikifungua, wala kuhesabu nakala za karatasi. Ishara ninayoiamini zaidi ni swali. Hivi karibuni mhasibu ambaye hatujawahi kuonana naye alipiga simu kuuliza kama ile orodha ya tofauti hutolewa kwenye Ekseli au karatasi, maana kamati ya usimamizi ingetaka kuiona.