Je, wajua? Uzito wa pakiti ya jeli si gramu za kabohaidreti

"Nikikimbia zaidi ya saa tatu nakula jeli, nakunywa kinywaji cha michezo na ndizi pia. Nimeambiwa nifikishe gramu 60 za kabohaidreti kwa saa. Nitajuaje kama nazifikisha?"

Geuza kila ulichomeza kiwe gramu za kabohaidreti, jumlisha, kisha gawanya kwa saa ulizokimbia. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Watu hukosea kabla ya kujumlisha, wanaponakili namba isiyohusika kutoka kwenye pakiti.

Tumchukue mkimbiaji aliyekimbia kwa saa 3 na nusu. Alikula jeli 4, akanywa mililita 750 za kinywaji cha michezo, na akala ndizi moja mbivu ya ukubwa wa kati. Aliporudi alipiga hesabu akapata gramu 200, yaani 57 kwa saa. Akaridhika. Kilichomsumbua ni kwamba dakika 30 za mwisho miguu ilikuwa mizito na tumbo limejaa kama ngoma.

Tuanze na jeli zake. Mbele ya pakiti pameandikwa gramu 32, naye akazidisha 32 kwa 4 akapata 128. Lakini 32 ni uzito wa kila kilichomo ndani, maji yakiwemo. Ukigeuza pakiti na kusoma jedwali la lishe, kwenye mstari wa kabohaidreti utakuta gramu 22. Namba ya kuchukua ni hiyo, na jeli 4 zinakuwa gramu 88. Angalia pia safu unayosoma, kwa sababu majedwali mengi yana safu mbili, moja ya gramu 100 na nyingine ya pakiti moja. Na usikariri 22 ukadhani inafaa kwa kila jeli. Nyingi huwa kati ya 20 na 25, lakini zipo zenye 40.

Kinywaji alikihesabu sawasawa. Lebo ilisema gramu 6 kwa kila mililita 100, kwa hiyo mililita 750 ni gramu 45. Ukitumia unga unaokorogwa kwenye maji, hesabu gramu za kabohaidreti zilizo katika unga ulioweka, usihesabu ukubwa wa chupa. Kipimo chenye gramu 30 za kabohaidreti kilichokusudiwa mililita 500 kitabaki na gramu 30 hata ukikikoroga kwenye mililita 750. Kilichobadilika ni kwamba kila mililita 250 sasa zina gramu 10 badala ya 15. Na mnaokunywa vikombe vya njiani huku mnakimbia, hesabuni kilichoingia kinywani. Kilichomwagikia kifuani hakina gramu.

Ndizi haina lebo, basi inataka uangalifu kidogo. Ndizi mbivu ina takriban gramu 23 za kabohaidreti katika kila gramu 100 za nyama yake, bila ganda. Ya ukubwa wa kati ikishamenywa ina uzito wa karibu gramu 120, kwa hiyo inatoa gramu 27 na ushei. Ndani ya hizo, kama 3 ni nyuzinyuzi, ambazo utumbo mdogo haufyonzi kuwa sukari ya kukimbilia. Mimi huandika 24. Ikiwa bado ina ukijani, sehemu ya wanga wake ni ule mgumu kusagika, kwa hiyo faida yake njiani ni ndogo zaidi ya hapo. Ukiipima ndizi na ganda lake utajidanganya, kwa sababu ganda huchukua karibu theluthi ya uzito wote.

Sasa tujumlishe upya: 88, 45 na 24 ni gramu 157. Gawanya kwa 3.5 unapata karibu 45 kwa saa. Pengo kati ya 57 aliyoiamini na 45 halisi limetoka karibu lote kwenye namba moja ya mbele ya pakiti.

Hata hivyo 45 haielezi tumbo lililojaa. Kwa hilo inabidi tuangalie alikula nini na wakati gani, na kwangu mimi hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa na manufaa. Saa ya kwanza alikunywa mililita 250 na kula jeli dakika ya 50: gramu 37. Saa ya pili jeli moja tena na mililita 250: 37. Saa ya tatu alihisi anaishiwa nguvu, akala jeli dakika ya 125, ndizi dakika ya 150 na jeli nyingine dakika ya 165, pamoja na mililita 250 zilizobaki: gramu 83. Nusu saa ya mwisho hakutia kitu. Wastani wa 45 umeficha saa yenye 83.

Na 83 kwa saa ni tatizo kwa sababu ukuta wa utumbo mdogo una milango yenye kikomo. Glukosi hupitishwa na protini iitwayo SGLT1, na maltodekstrini iliyo katika jeli nyingi huvunjwa kuwa glukosi, kwa hiyo hupanga foleni kwenye mlango uleule. Mlango huo hujaa kwenye takriban gramu 60 kwa saa, kiasi cha gramu 1 kwa dakika. Fruktosi ina mlango wake, GLUT5, ndiyo maana jeli na vinywaji vilivyochanganya glukosi na fruktosi huwawezesha wakimbiaji wa muda mrefu kufika hadi 90. Jeli za mkimbiaji wetu zilikuwa za maltodekstrini tupu, na fruktosi ya ndizi moja ni kidogo. Ziada ilibaki tumboni ikivuta maji, akajaa gesi na kichefuchefu. Kikomo hicho hakitegemei sana uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 80 asidhani ameruhusiwa zaidi ya mwenye kilo 55.

Ningempangia hivi. Jeli moja kila dakika 40, ya kwanza dakika ya 30: yaani dakika za 30, 70, 110, 150 na 190. Jeli ya gramu 22 kila dakika 40 ni sawa na 33 kwa saa. Juu yake anywe mililita 450 za kinywaji chake kila saa, kidogo kidogo, ambazo ni gramu 27. Hapo anapata mwendo wa 60. Kwa safari nzima ni gramu 110 za jeli na 94.5 za kinywaji, jumla 204.5, karibu 58 kwa saa. Akitamani ndizi, iwe badala ya jeli moja, maana 24 na 22 zinakaribiana. Asiiongeze juu yake. Na jeli aiteremshe kwa maji matupu, kwa sababu ikikutana na kinywaji chenye sukari mchanganyiko unakuwa mzito na unakawia kutoka tumboni.

Kama leo anamudu 45, asiruke hadi 60 siku ya mashindano. Aongeze kama gramu 5 kwa saa katika kila mbio ndefu ya mazoezi, na baada ya kila moja aandike vitu vitatu: dakika, alichomeza, na tumbo lilivyokuwa. Tumbo likijaa, atafute kwenye daftari kila kilichoingia katika dakika 60 zilizotangulia na akijumlishe hicho peke yake.