Selemani wa pasipoti gani? Kunukuu majina ya hati ya Kiarabu bila kumpoteza mtu

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu hapa Ngamiani bibi mmoja, mkononi ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa hati ya mirathi ya kurasa 38 iliyotoka mahakama ya Oman, yote kwa Kiarabu. Alitaka ifasiriwe kwa Kiswahili ipelekwe mahakamani hapa Tanga. “Mwanangu,” akaniambia, “majina yetu yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti. Safari iliyopita tulirudishwa kwa herufi moja tu.”

Nikamwomba pasipoti za warithi wote kabla sijafasiri hata mstari mmoja, na ndivyo ninavyoanza siku zote. Kiarabu hakiandiki irabu fupi, kwa hiyo jina سليمان kwenye karatasi halikuambii kama mwenyewe ni Sulaiman, Suleiman au Selemani. Zote ni sahihi. Kinachoamua ni maandishi ya serikali yaliyomtambua huyo mtu, na mfasiri hana kura.

Majina nitakayotumia hapa chini si ya familia yenyewe, ila mpangilio wake ni uleule. Pasipoti ya bibi inasema Zuhura Selemani Hamisi. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, alikulia Unguja na pasipoti yake inasema Rashid Suleiman Khamis. Binamu yao aliyezaliwa Maskati alipewa jina la mzee, na pasipoti yake ya Oman imeandika Sulaiman. Kwenye hati ya Kiarabu wote wamo, na neno ni lilelile, سليمان, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza vibaya miaka yangu ya mwanzo. Nilifundishwa kwamba hati ndefu lazima iwe na tahajia moja, nikalichukua fundisho hilo juujuu. Nilipomaliza tafsiri moja ya mirathi, nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila Sulaiman kuwa Selemani, faili zima, kwa pigo moja. Likapendeza kwa macho. Lakini mrithi mmoja aliyekuwa na pasipoti ya nchi nyingine akageuka mtu asiyekuwepo duniani, na benki iliyokuwa na fedha za marehemu ikaikataa hati. Familia ile ilisubiri miezi mingine kwa kosa langu. Tangu siku hiyo nashika kanuni hii: tahajia moja ni ya mtu, si ya neno. Neno moja la Kiarabu linaweza kuandikwa kwa sura tatu ndani ya hati moja na hati ikawa sawasawa kabisa, ilimradi kila mtu abaki na sura yake moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa hiyo natengeneza jedwali la watu. Kila mtu ana mstari wake na namba yake. Naandika jina lake kwa Kiarabu kama lilivyo kwenye hati, kisha tahajia nitakayotumia, kisha nimeitoa wapi, kisha kurasa anazotajwa. Hati ya bibi yule ilikuwa na watu 27, hai na marehemu. Jedwali lilinichukua siku nzima, na tafsiri yenyewe siku nne.

Safu ya “nimeitoa wapi” ndiyo yenye kazi. Aliye hai na ana pasipoti, nafuata pasipoti. Asiye na pasipoti, naomba kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa. Marehemu, naomba cheti cha kifo. Baba yake bibi hakuwahi kuwa na pasipoti, lakini cheti chake cha kifo kilimwandika Selemani Hamisi, basi kila anapotajwa peke yake ni Selemani Hamisi. Ila anapotokea ndani ya jina la mwanawe wa Unguja anabaki Suleiman Khamis, kwa sababu hapo si yeye anayetajwa, ni sehemu ya jina la mtu mwingine. Msomaji atashangaa, ni kweli. Ndiyo maana mara ya kwanza tu naweka maelezo ya mfasiri ndani ya mabano ya mraba, kwamba hati asili imeandika سليمان بن خميس kwa wote wawili, na tofauti ya herufi za Kilatini inatokana na pasipoti. Sisemi kwamba ni mtu mmoja. Hilo si langu kulithibitisha. Kama pana shaka, familia inakwenda kwa wakili kula kiapo, na kiapo kinaambatanishwa.

Wale wazee wa zamani wasio na karatasi yoyote ndio pekee ninaowaandika kwa tahajia yangu, na hapo nachagua sura ya kawaida ya pwani yetu, kisha siibadilishi.

Nieleze kidogo jinsi ninavyoisoma pasipoti. Usitazame picha na jina la juu tu. Chini ya ukurasa kuna mistari miwili ya mashine, kila mmoja una nafasi 44, na ndani yake hamna kingine ila herufi A mpaka Z, tarakimu na alama ya `<`. Kanuni zake zimo kwenye Hati 9303 ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Baada ya msimbo wa nchi, jina la bibi linakaa hivi:

```
HAMISI<<ZUHURA<SELEMANI<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Alama mbili zinatenga jina la ukoo na majina mengine, na alama moja ni nafasi ya kawaida. Hapo ndipo ninapojua serikali imelichukua jina gani kuwa la ukoo. Sisi tunataja jina lako, la baba, la babu. Hati ya Oman inaongeza bin au binti katikati na kabila mwishoni. Mistari ile inanisaidia nisije nikampa bibi jina la nne ambalo pasipoti yake haina. Kabila likiwa limeandikwa kwenye hati ya Kiarabu, silitupi. Nalifasiri pale lilipo, lakini kwenye mabano ya mfasiri naonyesha jina la pasipoti ni lipi.

Mistari hiyo ina mipaka yake. Haina ritifaa, kwa hiyo mtu mwenye ng' kwenye jina atakuta ng tupu. Nafasi za jina ni 39, na jina refu hukatwa. Basi tahajia kamili naitoa sehemu ya juu ya ukurasa, na mistari ya mashine naitumia kwa mpangilio tu.

Sasa vyeo. Hivi vina hatari ya aina nyingine, kwa sababu cheo kinaweza kuvaa sura ya jina. Oman raia wa kawaida kwenye karatasi za serikali hutangulizwa neno الفاضل, na mwanamke الفاضلة. Maana yake ni Bwana na Bibi, basi. Lakini huku kwetu Fadhili na Fadhila ni majina ya watu. Nimeshaona tafsiri ambayo warithi wanne wote wanaitwa Fadhil kwa jina la kwanza, kana kwamba mama yao hakujua jina jingine. Kinyume chake pia kipo: سيد ni cheo, Sayyid, nalo سعيد ni jina, Said, na yule sultani aliyefariki mwaka 1856 watu wamemzoea kama Seyyid Said, cheo na jina vikifuatana. Asiyeitazama ile herufi ya ain katikati atafanya viwili kuwa kimoja. Haji nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa imo kwenye pasipoti ni jina, haiondoki. Ikiwa haimo, mzee alikwenda Makka, na ni cheo.

Kwa vyeo, tofauti na majina, neno moja linapata fasiri moja hati nzima. القاضي kwangu ni kadhi kila mahali. Neno moja tu nalipa fasiri mbili: الوالي. Kwenye barua za zamani za pwani hii ni liwali, na neno letu limetoka hukohuko kwenye Kiarabu. Kwenye hati ya Oman ya leo naandika wali, kwa sababu ofisi ile haifanani na ya liwali wa Pangani au Tanga ya zamani.

Mahali nitapitia kwa haraka, ila mitego miwili siwezi kuiacha. Hati za Oman huandika Tanga kwa namna kadhaa, تانغا au طنجا, maana Kiarabu sanifu hakina g yetu. Akipita karani wa haraka akaandika طنجة, mfasiri asiyeijua pwani atampeleka marehemu Moroko, kwenye mji wa Tangier. Na Pemba kwenye Kiarabu inaitwa الجزيرة الخضراء. Ukifasiri neno kwa neno unapata Kisiwa cha Kijani, na shamba la mikarafuu la urithi halipatikani kwenye ramani yoyote. Kwa miji na vijiji nafuata jina rasmi la leo la Tanzania, kama Saadani na si Sadani, na pasipoti ikiwa imeandika mahali pa kuzaliwa kwa namna yake, kwenye mstari wa huyo mtu nafuata pasipoti.

Nikimaliza tafsiri naihifadhi kama maandishi matupu na kuhesabu sura zote za jina:

```
grep -oiE 'S[aeu]l[ae]i?mani?' hati.txt | sort | uniq -c
```

Hati ya bibi ilinitolea Selemani 41, Suleiman 17, Sulaiman 12, na Suleman 1. Hiyo moja ya mwisho haikuwa ya mtu yeyote kwenye jedwali. Ilikuwa ukurasa wa 29, nimechoka, nimeiacha i. Hesabu nyingine nazilinganisha na safu ya kurasa, mtu kwa mtu, maana kompyuta haijui kwamba Suleiman wa ukurasa wa 14 alipaswa kuwa Selemani. Huyo nilimkuta kwa jicho, karatasi mbili zikiwa ubavuni.

Kuna kosa ambalo hesabu hii haiwezi kulinasa. سالم na سليم ni majina mawili tofauti kwa Kiarabu, lakini pwani yetu yote mawili huandikwa Salim. Mtu na mdogo wake wanaweza kuwa Salim wawili kwenye tafsiri huku hati asili imewatenganisha vizuri kabisa. Hapo naongeza namba ya jedwali au jina la mama kila wanapotajwa karibu karibu, na kwenye maelezo naonyesha Kiarabu cha kila mmoja.

Bibi aliporudi nilimsomea jedwali lote kwa sauti, mstari kwa mstari, na pasipoti ameishika mwenyewe. Kwenye mtu wa 19 akanisimamisha. Shangazi yake niliyemwandika Zahra kutoka زهرة, bila karatasi yoyote, wao nyumbani walimwita Zuhura, na bibi mwenyewe alipewa jina lake. Nikabadilisha mahali sita, nikahesabu upya, kisha nikapiga mhuri.