Nguzo Inayoning'inia Ndani ya Pagoda

Ukiingia chini ya pagoda, mnara wa mbao wa orofa tano, katika hekalu la Toshogu, mjini Nikko, Japani, inama utazame mguu wa nguzo ya katikati. Haujakanyaga chini. Kati yake na jiwe la msingi kuna upenyo wa sentimita kama 10. Gogo lote limening'inizwa kwa minyororo kutoka orofa ya nne. Mimi ni mhandisi wa miundo, na tangu nianze kazi hii sijaona kitu kilichonilazimisha kufikiri upya juu ya nguzo kama hicho.

Wengi hudhani nguzo hiyo ndiyo uti wa mgongo, kwamba orofa zote zimefungwa kwake. Sivyo. Haibebi sakafu wala paa lolote. Mzigo wake ni mmoja tu, pambo refu la metali lililo kileleni. Orofa zenyewe ni kama masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine. Nguzo za kila orofa huishia hapohapo, na za orofa inayofuata husimama juu ya boriti za paa la chini yake. Mbao zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, na viungo hivyo vina nafasi ya kucheza kidogo. Gogo la katikati hupita ndani ya masanduku hayo bila kushikana nayo.

Kwa nini basi linaning'inia? Sababu ya kwanza haikuwa tetemeko, ilikuwa mvua. Seremala yeyote anajua kwamba mbao ikikauka hupungua unene, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Kuta na mapaa ya pagoda yana tabaka nyingi za mbao zilizolazwa, na zote hupungua unene. Tuseme, kwa mfano tu, kila orofa ina mita 1 ya mbao za namna hiyo. Orofa tano ni mita 5. Zikipungua kwa asilimia 3, jengo limeshuka sentimita 15. Gogo lililosimama halishuki. Likiwa limekaa juu ya jiwe, litabaki palepale huku paa likishuka, na pale kileleni, pambo linapopenya paa, mwanya utafunguka. Maji yataingia na kuozesha mbao. Gogo lililotundikwa hushuka pamoja na jengo. Pagoda hii ilijengwa upya mwaka 1818 baada ya ile ya kwanza kuungua, na mafundi wake walilijua jambo hili vizuri.

Ardhi inapotikisika, sanduku la chini huvutwa upande mmoja huku la juu yake likichelewa. Likianza kufuata, la chini limeshageuka. Mnara hupinda kama nyoka anayetambaa, na Wajapani wenyewe huuita mwendo huo ngoma ya nyoka. Kila kiungo husuguana, na msuguano huo hula nguvu ya tetemeko kidogo kidogo. Hapo ndipo gogo la katikati linapoingia kazini. Orofa ikiteleza mno kutoka kwenye mstari, ukingo wake wa ndani hugonga gogo na kuzuiwa, kama komeo linavyozuia mlango. Gogo likiwa limetundikwa, nalo huyumba kwa mwendo wake lenyewe, usiolingana na wa orofa.

Hata hivyo nisiipambe nguzo kupita kiasi. Wataalamu wa Japani wanabishana juu ya kazi yake hadi leo. Pagoda ya hekalu la Horyuji, mkoani Nara, yenye mita 32 hivi, gogo lake lilichimbiwa ardhini, na jengo hilo limesimama tangu mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8. Mguu wa gogo hilo ulioza, likabaki shimo tupu chini yake, na mnara haukuanguka. Kwa maoni yangu, kinachookoa zaidi ni kule kucheza kwa viungo na masanduku yasiyofungamana. Nguzo ni mlinzi wa mwisho, pale mwendo unapovuka mpaka.

Mpaka wenyewe upo. Katika tetemeko la Kobe la mwaka 1995 hakuna pagoda iliyoporomoka, lakini mwaka 1934 kimbunga cha Muroto kiliiangusha pagoda ya Shitennoji, mjini Osaka. Tetemeko husukuma kisha likavuta, kwa hiyo sanduku lililoteleza kushoto hurudishwa kulia kabla halijafika mbali. Kimbunga husukuma upande mmoja bila kuachia. Mapaa mapana yaliyojitokeza nje, ambayo uzito wake huutuliza mnara ardhi inapotikisika, hugeuka kuwa kama matanga ya jahazi.