Barua Rasmi ya Kiingereza Ikiletwa kwa Picha: Kosa la Mwanafunzi na Kosa la Simu

Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa kidato cha nne, uandishi wa kiuamilifu una alama 20, na barua rasmi ni mgeni wa mara kwa mara hapo. Wanafunzi wengi wa huku Malindi siku hizi huandika zoezi nyumbani, wakalipiga picha, wakamtumia mwalimu kwa simu. Usahihishaji wa picha si sawa na wa karatasi iliyo mkononi, na kwenye barua rasmi tofauti hiyo hula alama, kwa kuwa sehemu kubwa ya mpangilio iko kwenye kingo za karatasi, na kingo ndizo kamera hukata kwanza.

Mimi hugawa zile 20 hivi: mpangilio 5, kufunga 2, hoja 6, toni 4, sarufi 3. Katika mpangilio kila sehemu ina alama moja, yaani anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo na kichwa cha barua. Huu ni mgao wa darasani. Mwongozo wa mtihani wenyewe hufuata swali la mwaka huo.

Tuchukue barua moja. Swali linamtaka mwanafunzi amwandikie afisa wa afya ya umma kuhusu jaa la taka lililo kando ya soko. Picha imepigwa jioni, simu imeinama kidogo. Juu upande wa kulia panasomeka MALIN, na chini yake 14th Ma, basi. Msahihishaji mwenye haraka angeandika kwamba anwani na tarehe hazijakamilika, akakata alama mbili. Kabla ya kalamu, teremsha jicho hadi kwenye aya ya kwanza. Mstari wa pili unaishia na garb, na mstari unaofuata unaanza na neno jipya kabisa. Hakuna mtu anayelikatiza neno hivyo bila kistari na bila kulimalizia. Basi ni kamera iliyokata upande mzima wa kulia, na mwanafunzi hana hatia. Kama mistari ya aya ingekuwa mizima na ukingo wa karatasi unaonekana, hapo upungufu ungekuwa wake.

Ujongezaji nao hudanganya. Picha ikipigwa kwa kuinamisha simu, sehemu ya juu ya karatasi huonekana nyembamba kuliko ya chini, na anwani iliyopangwa sawasawa kushoto huonekana kama ngazi. Usipime kwa ukingo wa picha. Pima kwa ule mstari mwekundu wa pambizo: herufi za kwanza zikiufuata mstari huo, mpangilio umenyooka hata kama kwenye kioo unaonekana umelala. Mtindo wenyewe, wa kuanza kila kitu kushoto au wa kuweka anwani ya mwandishi na kufunga upande wa kulia, yote miwili hukubalika. Kosa ni kuichanganya.

Kwa barua hii dawa ni kuomba picha nyingine: pembe zote nne za karatasi zionekane, ipigwe mchana karibu na dirisha, flashi izimwe, na kwenye WhatsApp itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na vitu vidogo kama koma hufifia. Kurasa zikiwa mbili, mwanafunzi aandike namba ya ukurasa. Kufunga mara nyingi huwa peke yake kwenye ukurasa wa pili, na ukurasa huo ndio husahaulika kutumwa.

Picha mpya imefika. Anwani na tarehe ziko kamili, ila mwanafunzi ameandika jina lake juu ya sanduku la posta. Katika barua rasmi jina hukaa chini, baada ya sahihi. Juu ni anwani tu. Nusu alama imeondoka. Kichwa kinachoanza na RE: amekiweka kabla ya Dear Sir, ilhali huja baada yake. Nusu nyingine. Mpangilio ni 4 kati ya 5.

Kwenye toni ndipo pa kukaa. Barua inaanza: How are you? I hope you and your family are fine. Kwetu Pwani kuingia kwenye shida ya mtu bila salamu ni utovu wa adabu, na mwanafunzi amehamisha adabu hiyo kama ilivyo. Huyu hajakosa heshima. Ameivalisha nguo ya barua ya kirafiki. Katika Kiingereza rasmi heshima hukaa kwenye mtajo, na sentensi ya kwanza hutaja shida: I am writing to report the garbage dumped near the market. Kwa salamu hiyo ninakata alama moja, na pembeni ninamwandikia sababu, maana akiambiwa tu kwamba toni si sahihi ataongeza salamu akidhani hazikutosha.

Kisha aya ya tatu inageuka: You must come and remove it quickly! Hapa ombi limekuwa amri, na alama ya mshangao imezidisha. I would be grateful if you could have it removed inasema jambo lilelile bila kumpigia afisa kelele. Alama moja tena. Zaidi chini kuna Am writing pasipo I. Sikio ndilo limemponza, kwani I'm na am husikika karibu sawa. Hilo ni la sarufi. Usilikate kwenye toni na kwenye sarufi. Kosa moja hulipwa mara moja. Toni ni 2 kati ya 4.

Kufunga kuna alama mbili nilizozigawa: moja kwa kulinganisha na mtajo, nusu kwa tahajia, nusu kwa sahihi na jina. Mwanafunzi amefunga kwa Your's Faithfully. Jozi ni sahihi, kwa kuwa Dear Sir hufungwa na Yours faithfully, na Dear Mr. Karisa hufungwa na Yours sincerely. Wengi huikosea jozi hii kwa sababu ya barua ya Kiswahili, ambayo hufungwa na "Wako mwaminifu" iwe umemtaja mtu kwa jina au kwa cheo; wanalitafsiri neno na kulibandika kila mahali. Huyu ameiepuka, lakini ameweka ritifaa ambayo haimo na F kubwa ambapo inatakiwa ndogo. Nusu ya tahajia imekwenda. Sahihi haikuonekana kwenye picha ya kwanza kwa sababu ya kivuli cha mkono. Kwenye ya pili ipo, juu ya jina. Amepata 1½.

Koma nayo iangaliwe kwa kukuza picha. Ikiwepo baada ya Dear Sir, iwepo pia baada ya faithfully. Asipoiweka, aiache kote kuwili. Mkia wa koma huteremka chini ya mstari wa daftari, doa la vumbi kwenye lenzi halifuati mstari wowote na hurudi palepale kwenye picha inayofuata.

Hoja amepata 5, sarufi 2. Jumla ni 14½. Kwa picha ya kwanza angepata 12½, na zile mbili zilizopungua, za anwani, tarehe na sahihi, hakuna hata moja aliyoikosea kwa kalamu yake.