Gari la kilomita 72 kwa saa: dhana potofu na ukweli wa kulipeleka kwenye mita kwa sekunde

Tuchukue swali ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nalo, kwa namba hizi au zinazofanana nazo: gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, dereva anakanyaga breki, linasimama baada ya sekunde 4. Tafuta mchapuko wake, kisha umbali lililosogea tangu breki ziliposhika. Kanuni zenyewe wengi wanazijua. Alama hupotea kabla ya kanuni, pale kwenye kubadili vizio.

Dhana: Mita ni ndogo kuliko kilomita, kwa hiyo lazima namba iongezeke.

Dhana hii ina mantiki, ndiyo maana haing'oki kirahisi. Tangu shule ya msingi mtoto amefundishwa kwamba ukitoka kizio kikubwa kwenda kidogo unazidisha, na kwa urefu peke yake ni kweli: kilomita 72 ni mita 72,000. Lakini mwendokasi una vizio viwili, na saa nayo inabadilika. Lisome swali kwa maneno: gari linamaliza mita 72,000 katika sekunde 3,600. Katika sekunde moja tu linamaliza ngapi? Mita hizo zinagawanywa kwa sekunde zote:

```
72 km/h = 72 × 1000 m ÷ 3600 s = 20 m/s
```

Tumezidisha kwa 1,000 tukagawa kwa 3,600. Kugawa kumezidi kuzidisha, kwa hiyo namba imepungua. Ile 3.6 inayokaririwa madarasani haitoki popote pengine. Ni 3,600 gawanya kwa 1,000. Kutoka km/h kwenda m/s unagawa kwa 3.6, na ukirudi unazidisha.

Aliyezidisha badala ya kugawa anapata 259.2 m/s. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo gari hilo lingekuwa na robo tatu ya mwendokasi wa sauti. Aliyegawa kwa 60 badala ya 3,600 anapata 1,200. Namba hiyo si ya kubahatisha, ni sahihi kabisa kwa mita kwa dakika. Kosa lake ni kuishia dakikani na kuandika sekunde.

Ukisahau kama ni kugawa au kuzidisha, kumbuka mtu anayetembea. Mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu asiye na haraka. Namba ya km/h ndiyo kubwa daima. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 jijini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa kama 10.4 m/s, sawa na karibu 37.6 km/h. Basi jibu lako likisema gari la mjini linakwenda 180 m/s, rudi nyuma uangalie ulipozidisha.

Dhana: "km/s" ni kilomita kwa saa.

Kosa hili ni la kwetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu saa na sekunde zote zinaanza na herufi s. Mwanafunzi anasoma "kilomita kwa saa" akilini, mkono unaandika km/s. Katika fizikia s ni sekunde tu, na saa ni h, herufi ile ile iliyo kwenye dashibodi ya gari: km/h. Kilomita 72 kwa sekunde ni mita 72,000 kwa sekunde. Roketi huhitaji kama kilomita 11.2 kwa sekunde ili kuchomoka kabisa kwenye mvutano wa dunia. Ukipenda kifupisho cha Kiswahili andika km/saa kwa ukamilifu, usiikate saa ikabaki s.

Dhana: 72 ÷ 4 = 18, basi mchapuko ni 18 m/s².

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ile 18 si namba ya uongo. Gari limepoteza kilomita 18 kwa saa katika kila sekunde: lilikuwa 72, likawa 54, kisha 36, kisha 18, kisha sifuri. Hesabu imenyooka. Kilichoharibika ni kizio kilichobandikwa mbele yake. Hiyo ni 18 km/h kwa kila sekunde, na ukiigawa kwa 3.6 unapata 5 m/s², jibu lile lile la aliyebadili mapema: 20 ÷ 4 = 5. Kwa kuwa gari linapunguza mwendo, andika −5 m/s².

Umbali ndio unaomuumbua zaidi asiyebadili vizio. Mwendokasi wa wastani kutoka 20 m/s hadi sifuri ni 10 m/s, na kwa sekunde 4 gari linasogea mita 40. Asiyebadili anachukua wastani wa 36, anazidisha kwa 4, anaandika mita 144. Safari hii ile 144 haina hata maana ya kujitetea, kwa sababu amezidisha kilomita kwa saa na sekunde, saa na sekunde zikabaki bila kukatana.

Dalili ya kosa ipo kwenye jibu lenyewe. Gari la kawaida lenye tairi nzima, kwenye lami kavu, breki zikikanyagwa kwa nguvu zote, hupunguza mwendo kwa takriban 7 hadi 8 m/s². Kitu kinachoanguka huchapuka kwa 9.8 m/s². Ukipata 18 m/s² kwa gari la familia, vizio havijabadilishwa.

Dhana: Hakuna tofauti ukibadili mwanzo au mwisho.

Kwenye 18 hapo juu haikuleta tofauti, kwa sababu mwendokasi ulitumika kama ulivyo. Kukiwa na kipeo cha pili mambo hubadilika. Gari la 90 km/h linafunga breki kwa 5 m/s². Litasimama baada ya mita ngapi? Kutoka v² = u² + 2as, umbali ni u² gawanya kwa 2a. Aliyebadili mwanzo ana 25 m/s, kipeo chake cha pili ni 625, gawanya kwa 10, jibu mita 62.5. Aliyeahirisha anapata 90² = 8,100, anagawa kwa 3.6 kupata 2,250, kisha kwa 10, na kuandika mita 225. Kosa ni kwamba 90 imejizidisha yenyewe, kwa hiyo 3.6 nayo ilipaswa kugawa mara mbili: 3.6 × 3.6 = 12.96, na 8,100 ÷ 12.96 ni 625 ile ile. Nishati mwendo, ½mv², ina mtego huo huo. Badili mwanzoni, kwenye mstari wa data, kabla hujaigusa kanuni.

Dhana: 3.6 inatosha kwa kila namba.

Inatosha kwa 36, 54, 72, 90 na 108, ambazo watunga maswali huzipenda kwa kuwa zinatoa 10, 15, 20, 25 na 30. Ikija 50 au 80, desimali hazikomi: 50 km/h ni 13.888… Hapo tumia sehemu 5/18, ambayo ndiyo 1,000/3,600 iliyorahisishwa. Dereva wa 80 km/h anayechelewa kukanyaga breki kwa sekunde 0.9 husogea 80 × 5/18 × 0.9, yaani mita 20 kamili. Aliyekadiria 22 m/s mapema anapata 19.8, na tofauti hiyo hukua kila namba inapopandishwa kwenye kipeo cha pili.

Dhana: Ukiona km/h, lazima ubadili.

Gari likienda 72 km/h kwa saa 2.5, umbali ni kilomita 180, hesabu ya mstari mmoja. Kinachodai mabadiliko ni sekunde, mita au niutoni kuwemo kwenye swali pamoja na km/h.