Friji linaloumisha huenda halina kosa

Mama mwenye nyumba mmoja wa Tabata alinipigia simu: “Fundi, friji langu linauma, nikiligusa napigwa na umeme.” Fundi wa friji alishafika mara mbili, akabadilisha waya, akala hela yake, na friji likaendelea kuuma. Nilipomuuliza linauma saa ngapi, akanijibu bila kufikiri: asubuhi na jioni, na akiwa peku. Jibu hilo nililishika. Kompresa ya friji huwaka na kuzima mchana kutwa, haijui asubuhi wala jioni.

Bodi la chuma likikuuma, mara nyingi kuna makosa mawili kwa pamoja: umeme unavuja mahali, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, haufiki ardhini. Ethi ikiwa nzima, umeme uliovuja hupita huko na wewe husikii kitu. Ethi ikikatika, umeme hubaki kwenye bodi ukisubiri miguu yako.

Testa ya bisibisi niliiacha mfukoni, kwa kuwa inawaka hata kwa uvujaji mdogo usio na madhara. Vifaa vingi vyenye saketi za elektroniki vina kapasita ndogo, vipande vinavyopitisha umeme kidogo, kati ya nyaya za umeme na bodi, na ethi isipokuwepo bodi hilo husoma karibu nusu ya volti za nyumba. Mita nayo inaweza kukudanganya hivyohivyo. Kwa hiyo nilichomeka bisibisi ndefu kwenye udongo wa nje niliomwagia maji, nikavuta waya hadi jikoni, nikapima kati yake na skrubu ya friji isiyo na rangi: volti 110. Kisha, ili umeme huo upate njia ya kupita nijue ni mwingi kiasi gani, nikaunga rizista ya omu 2,000 sambamba na mita. Zikashuka hadi 4. Volti 4 kugawa kwa omu 2,000 ni miliampea 2. Kapasita hizo kwa kawaida hazifiki hata nusu miliampea, kwa hiyo huu ulikuwa uvujaji wa kweli. (Rizista hiyo iguse kwa sekunde moja tu. Bodi likiwa na laivu kamili, itaungua mkononi.)

Hapo fundi mwenzangu angeanza kufungua friji. Mimi nilichomoa plagi yake, nikapima tundu la ethi la soketi dhidi ya bisibisi ile ya nje. Volti 110 zilezile, na friji halipo! Umeme ulikuwa unakuja kutoka ukutani. Nyaya za ethi za nyumba nzima hukutana kwenye boksi la breka, na kutoka pale waya mmoja unashuka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Huo ukikatika, kifaa kimoja kinachovuja kinatia umeme kwenye mabodi ya vyote vingine.

Mita niliiacha imeunganishwa, kijana wangu akaisoma huku nikizima breka moja baada ya nyingine. Taa, hakuna badiliko. Soketi za sebuleni, hakuna. Nilipozima ya hita ya maji ya kuogea, akapaza sauti: “Imeanguka!” Mama huwasha hita alfajiri watoto wanapojiandaa kwenda shule, na tena magharibi. Mabomba yake ni ya plastiki, kwa hiyo hata maji hayakuupa umeme ule njia nzuri ya kwenda ardhini.

Nikazima meni swichi, nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, nikatoa nyaya mbili za elementi, chuma kinachochemsha maji, na kuipima kwa mega, kipimo kinachosukuma volti 500, kati ya ncha zake na ganda lake. Kifaa kizima cha aina hii kinatakiwa kisome walau megaomu 1. Hii ilisoma 0.05. Ganda lilikuwa na ufa mwembamba karibu na katikati, maji yameingia. Katikati ya elementi volti huwa zimeshuka hadi nusu, ndiyo maana tulisoma karibu nusu ya volti 230.

Nje, waya wa ethi ulikuwa umekatwa kwa msumeno usawa wa ukuta. Shaba ina soko.

Niliweka elementi mpya na waya mpya, fimbo ikasoma omu 18. Watu wengi huishia hapo, ila hebu piga hesabu: laivu ikigusa bodi, 230 kugawa kwa 18 ni ampea kama 13 tu. Breka ya ampea 32 haitashtuka, na mabodi yote yatabaki na umeme. Kwa hiyo nilimwekea swichi inayokata uvujaji ukifika miliampea 30. Uvujaji wa hita ile ya zamani usingeishtua, kwani hata fimbo ikiwa nzima ungekuwa kama miliampea 2 tu. Ufa ungepanuka, ingekata.

Fundi wa friji bado anadai hela ya safari ya pili.